Kilo Zilizopotea Kati ya Mizani Mbili

Sentensi iliyonifundisha kuandika hoja za ukaguzi upya niliiandika mimi mwenyewe, nikaisaini, ikapelekwa kwa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho katika Mkoa wa Mtwara. Ilisema hivi:

"Tulibaini kuwa chama hakina udhibiti wa kutosha wa uzito wa korosho zinazosafirishwa kwenda ghala kuu, jambo ambalo linaweza kusababisha upotevu wa mali za wakulima na ni kinyume na taratibu. Uongozi unashauriwa kuimarisha udhibiti."

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mzee aliyelima mikorosho kabla sijazaliwa. Aliisoma polepole, akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "barua hii inaniambia nimekosa. Sasa nionyeshe nilipokosea, niende nikapatazame." Sikuweza kumwonyesha. Nilikuwa na makaratasi yote ndani ya faili, hesabu nilikuwa nimeipiga, lakini ndani ya sentensi ile hapakuwa na mahali pa kuweka kidole.

Majibu ya menejimenti yalikuja baada ya siku chache, yakiwa na mstari mmoja: "Hoja imepokelewa na itafanyiwa kazi." Mwaka uliofuata mkaguzi mwingine aliikuta hoja ileile, akaiandika tena kwa maneno yaleyale, akapata jibu lilelile. Kila anayefanya kazi hii anazijua hoja za namna hiyo, zinazorithiwa mwaka hata mwaka kama deni la marehemu. Watu husema viongozi wa vyama ni wakaidi. Mimi nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya ukaidi huo tunaiumba sisi kwa kalamu, kwa sababu tunaandika hoja ambayo hata mtu mwenye nia njema hawezi kuitekeleza, na hata mkaguzi mwenye bidii hawezi kuifunga.

Nitaeleza namna ya kuiandika upya kwa mfano wa hoja moja tu. Chama ninachokitumia nimekiunda kutokana na vyama kadhaa, na takwimu zake ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kufuatilia kwa kalamu na karatasi. Utaratibu wenyewe ndio unaotumika huku kwetu.

Kwa msomaji wa mbali, utaratibu ni huu. Msimu wa korosho unapofunguka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, mkulima hupeleka korosho ghafi kwenye ghala la chama chake cha msingi, AMCOS kama tunavyoita. Pale zinaangaliwa daraja, zinapimwa, anaandikiwa stakabadhi. Chama hukusanya magunia mpaka lori lijae, kisha huyapeleka ghala kuu, ambako mwendesha ghala huyapima tena na kutoa stakabadhi ya ghala. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianzia katika korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008, chini ya sheria ya mwaka 2005. Korosho huuzwa mnadani kupitia chama kikuu, TANECU kwa watu wa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Mtwara na Nanyumbu. Fedha zikilipwa, hukatwa tozo, kisha kila mkulima hulipwa kwa kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi yake ya awali.

Hapo tayari umeona penye tatizo. Mnunuzi analipa kwa kilo za mizani ya ghala kuu. Mkulima anadai kwa kilo za mizani ya chama. Tofauti ya mizani hizo mbili lazima ibebwe na mtu.

Katika chama chetu cha mfano, vitabu vilionyesha kilo 240,000 zimepokelewa kwa wakulima msimu mzima. Zilisafirishwa kwa safari 24 za lori, kila safari kilo 10,000. Ghala kuu lilipokea kilo 236,400. Pengo ni kilo 3,600. Ukichukua bei ya mfano ya shilingi 2,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 7,200,000.

Sasa irudie sentensi yangu ya awali ukiwa na tarakimu hizi mkononi. Kilo 3,600 hazimo. Safari 24 hazimo. Badala yake kuna neno "kutosha", ambalo halipimiki, na neno "taratibu", ambalo halitaji kifungu wala waraka. Lakini kosa kubwa liko kwenye kiungo "jambo ambalo linaweza kusababisha". Kiungo hicho kimeunganisha nilichokiona na ninachokihofia, kisha nikavigandisha na ninalolitaka, yote kwa pumzi moja. Msomaji hawezi tena kuyatenganisha. Akitaka kubisha kuhusu hofu yangu, atadhaniwa anabishia tarakimu. Akikubali tarakimu, atakuwa amekwisha kukubali na dawa niliyomwandikia hata kama haifai.

Kiswahili chenyewe kinatupa njia ya kuyatenganisha, na sijui kwa nini nilichelewa kuiona. Ushahidi ni kitu kilichokwisha kutokea, kwa hiyo kitenzi chake hubeba "li": lilipokea, ilisoma, alisaini. Hatari ni kitu ambacho bado hakijatokea, au kinaweza kutokea tena: huenda, itakosa, wataachwa. Marekebisho ni agizo lenye mtendaji, na kitenzi chake huishia kwa "e": mtunza ghala apime, mjumbe atie sahihi, bodi ikutane. Siku hizi ninapopitia rasimu ya kijana ninayefanya naye kazi, kitu cha kwanza ninachofanya ni kupigia mstari vitenzi. Nikikuta "huenda" ndani ya aya ya ushahidi, najua amenichanganyia hofu na alichokiona. Nikikuta aya ya marekebisho imejaa "unashauriwa kuimarisha", bila kitenzi hata kimoja chenye mwenyewe, najua hakuna kitakachofanyika.

Tuanze na ushahidi, kwa sababu ndio unaochukua muda na ndio unaoamua mengine yote.

Mtunza ghala alipoulizwa juu ya kilo 3,600 alijibu neno moja: unyaufu. Ni jibu la kweli na ni jibu la hatari. La kweli, kwa sababu korosho hukauka. Chukua kilo 100 za korosho zenye unyevu wa asilimia 12. Ndani yake kuna kilo 12 za maji na kilo 88 za korosho kavu. Zikikaa ghalani hadi unyevu ushuke kuwa asilimia 10, zile kilo 88 ziko palepale, ila sasa ni asilimia 90 ya uzito wote. Gawa 88 kwa 0.9 utapata kilo 97.8. Zimepungua zaidi ya kilo mbili katika kila mia, na hakuna aliyegusa gunia. Pengo la chama chetu ni asilimia moja na nusu tu. Kwa hiyo unyaufu ungeweza kulieleza lote, likabaki na ziada.

Na hapo ndipo penye hatari ya jibu hilo: linaweza kueleza kila kitu. Chama hakikuwa na kipima unyevu, wala daftari la unyevu. Mkaguzi aliyechoka huishia hapa kwa njia moja kati ya mbili. Ama anakubali unyaufu na kuifuta hoja, ama anaukataa na kuandika kwamba korosho "zimepotea", neno ambalo kijijini lina maana ya kwamba mtu ameiba. Njia zote mbili zinaruka swali ambalo makaratasi yenyewe yangeweza kulijibu.

Kama ni maji, basi magunia yaliyokaa ghalani siku nyingi yatapungua kuliko yaliyoondoka upesi. Kwa hiyo tulizipanga zile safari 24 kwa idadi ya siku ambazo mzigo ulikaa kabla ya kusafirishwa. Mizigo iliyoondoka ndani ya siku mbili ilikuwa imepungua sawa na iliyokaa zaidi ya wiki. Hiyo haikufuta unyaufu kabisa, lakini iliuondoa kwenye kiti cha mshukiwa mkuu.

Tukazipanga tena, safari hii kwa tarehe. Safari nne za kwanza zilipungua kilo 100 zote kwa pamoja, yaani wastani wa kilo 25 kila moja. Kuanzia safari ya tano mpaka ya mwisho pengo liliruka: safari 20, kilo 3,500, wastani wa kilo 175 kila moja. Kitu kilibadilika kati ya safari ya nne na ya tano. Mtunza ghala akakumbuka, bila kusukumwa, kwamba wiki ile mizani ilitolewa kwenye sakafu ya saruji ndani ya ghala, maana magunia yalikuwa yamejaza nafasi, ikawekwa nje juu ya mbao, chini ya mti. Tukaiweka mizani palepale juu ya mbao zake, tukapandisha mawe manne ya kupimia, kila moja la kilo 20. Mizani ikasoma 81. Stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa ubavuni ilikuwa imepitwa na wakati.

Mizani inayosoma 81 badala ya 80 huongeza kilo moja katika kila 81 inazoandika. Katika kilo 200,000 zilizoandikwa kwa safari zile 20, hizo ni karibu kilo 2,470. Kilo hizo hazikuibwa na hazikukauka. Hazikuwahi kuwapo. Zilizaliwa kwenye karatasi, juu ya mbao zilizoinama, na kila moja ina mkulima mwenye stakabadhi anayeidai kwa haki. Ndiyo maana neno "upotevu" katika rasimu yangu ya zamani lilikuwa kosa hata kama tarakimu ingekuwa sahihi. Chama hakikupoteza korosho zile, kilijiandikia deni.

Zinabaki kama kilo 1,030 katika safari zile 20 ambazo mizani haizielezi. Huenda ni unyaufu, huenda ni magunia yaliyochanika njiani, huenda ni mkono wa mtu. Kwa makaratasi yaliyopo hatuwezi kuchagua. Tena kuna jambo la kukiri juu ya jaribio la mawe: tulilifanya baada ya msimu. Lilionyesha mizani ilivyosoma siku ile, si ilivyosoma mwezi wa Novemba. Kuruka kwa pengo baada ya mizani kuhamishwa kunatupa sababu nzuri ya kuamini ilikuwa vilevile, lakini hiyo ni hoja ya akili, si kipimo. Aya ya ushahidi inapaswa kusema hivyo waziwazi. Mkaguzi kijana huogopa kwamba kukiri hivyo kutaidhoofisha barua. Nimeona kinyume chake: kiongozi anayetafuta pa kubishia hukuta umekwisha kuitaja mipaka yako mwenyewe, na mazungumzo yanarudi kwenye mizani.

Hatari nayo inahitaji aya yake, na hapa wengi tunakosea kwa kudhani kwamba hatari ni ushahidi uliotiwa chumvi. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinalifafanua jambo hili vizuri. Kiwango namba 265, kinachohusu namna ya kuwaeleza viongozi udhaifu wa udhibiti wa ndani, kinasema kwamba udhaifu unaweza kuwa mkubwa hata kama mkaguzi hakukuta kosa lolote katika hesabu. Kinachopimwa ni uwezekano wa kosa kutokea na ukubwa wake likitokea. Kwa maneno ya ghalani: mizani ambayo hakuna anayeijaribu ni hatari hata katika msimu ambao, kwa bahati, ilisoma sawasawa. Na ukiitengeneza mizani leo, ushahidi wako wa mwaka huu umekwisha kazi, lakini hatari bado ipo kama hakuna atakayejaribu mizani kesho.

Ndiyo sababu ya kuvitenga. Vikiunganishwa, mhasibu atakuja na risiti ya fundi na kusema hoja imekwisha. Na kweli, hoja iliyoandikwa kwa mchanganyiko haina la kumjibu.

Aya ya hatari ninaidai itaje vitu vitatu: tukio gani, litamwangukia nani, na kwa njia gani. "Upotevu wa mali za wakulima" haitaji hata kimoja. Hebu fuata fedha. Mnunuzi amelipia kilo 236,400. Orodha ya wakulima inasomeka 240,000. Benki inalipa majina kwa kufuata orodha, na fedha zinaisha kabla ya majina. Wanaoachwa ni waliopeleka korosho mwishoni, na hao kwa kawaida ni wenye mashamba madogo ya mbali, wanaosubiri nafasi kwenye pikipiki au baiskeli ya jirani. Chama kinaweza kuwalipa kutoka kwenye ushuru wake, lakini ushuru huo ndio unaolipa mishahara ya watendaji na kununua magunia ya msimu ujao. Hatari ikielezwa hivyo, mjumbe wa bodi anaiona sura ya mtu. Hakuna chumvi iliyoongezwa. Ni mlolongo tu umesemwa hadi mwisho wake.

Kuna hatari ya pili ambayo niliiandika kwa uangalifu zaidi. Mahali ambapo pengo la kilo linakubaliwa kama unyaufu bila kipimo, mwizi ana pa kujificha. Sentensi hiyo ni ya hatari na lazima ibaki kwenye aya ya hatari. Ikivuka mstari na kuingia kwenye ushahidi, inakuwa tuhuma dhidi ya mtunza ghala, mtu ambaye ndiye aliyetuambia mizani ilihamishwa. Watu wa Kusini wanakumbuka msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kukawa na uhakiki wa kuwatenga wakulima na walanguzi wa kangomba. Katika uhakiki wa namna ile, kuwa na kilo nyingi kuliko majirani ni ishara ya kuangaliwa. Uthibitisho hupatikana shambani kwa kuhesabu mikorosho. Anayezishika ishara kama uthibitisho anamnyima mkulima mkubwa wa kweli jasho lake, na mkaguzi wa ghala anaweza kumfanyia mtunza ghala vivyo hivyo kwa neno moja lililokaa aya isiyo yake.

Marekebisho yanatoka kwenye chanzo. Mtego wa kawaida ni kuandika chanzo kama kivuli cha dawa: "Chanzo ni kutokuwepo kwa utaratibu wa kujaribu mizani, tunapendekeza kuwe na utaratibu wa kujaribu mizani." Huo ni mduara. Uliza tena kwa nini. Kwa nini hakuna aliyejaribu mizani? Kwa sababu chama hakikuwa na mawe. Kwa nini pengo halikuonekana baada ya safari ya tano, wakati hati ya mapokezi ya ghala kuu ilikuwa imerudi na dereva? Kwa sababu hati zilikuwa zinawekwa kwenye faili la usafirishaji ili dereva alipwe, na hakuna aliyezilinganisha na daftari la mizani mpaka msimu ulipokwisha. Ziliangaliwa na mtu anayelipa lori, hazikuangaliwa na mtu anayelipa wakulima. Hicho ndicho chanzo, na dawa yake ni nyepesi kuliko yote niliyowahi kupendekeza kwa neno "kuimarisha".

Kiwango 265, kwa taarifa, hakimlazimishi mkaguzi kupendekeza dawa; kinamruhusu tu. Anayelazimika kurekebisha ni uongozi. Nalisema hili kwa sababu linabadilisha sauti ya aya ya marekebisho: ni pendekezo la mtu wa nje, na menejimenti ikija na njia bora zaidi inayozuia hatari ileile, hoja ifungwe kwa njia yao. Hilo linawezekana tu ikiwa hatari imeandikwa peke yake mahali ambapo njia yoyote inaweza kupimwa nayo.

Basi hoja ile, baada ya kuandikwa upya, ilisomeka hivi:

"Ushahidi. Kati ya Oktoba na Januari chama kiliandika kilo 240,000 kutoka kwa wakulima. Ghala kuu lilipokea kilo 236,400 katika safari 24. Safari nne za kwanza zilipungua kilo 100, na safari 20 zilizofuata zilipungua kilo 3,500. Mizani ilihamishiwa nje baada ya safari ya nne. Siku ya ukaguzi ilisoma kilo 81 kwa mawe ya kilo 80, na muda wa stika yake ulikuwa umepita. Kosa hilo, kama lilikuwapo msimu wote baada ya kuhamishwa, linaeleza karibu kilo 2,470. Kilo 1,030 za safari hizo 20 hatukupata maelezo yake. Unyevu haukupimwa. Hati 24 za mapokezi zilikuwapo ofisini, lakini hazikulinganishwa na daftari la mizani kabla ya msimu kufungwa.

"Hatari. Mizani ikizidisha tena bila kugunduliwa, chama kitadaiwa kilo ambazo hakikuuza, na wakulima wa mwisho kwenye orodha wataachwa bila malipo au watalipwa kwa ushuru wa chama. Pengo lisilopimwa linaweza pia kuficha wizi. Kiwango cha hatari: kikubwa.

"Marekebisho. Kabla ya kununua msimu ujao, meneja aite Wakala wa Vipimo wahakiki mizani ikiwa mahali itakapotumika, juu ya saruji. Chama kinunue mawe manne ya kilo 20. Kila asubuhi ya ununuzi mtunza ghala apime mawe hayo mbele ya mjumbe mmoja wa bodi, waandike usomaji na wote wasaini. Ukitofautiana na 80 kwa zaidi ya nusu kilo, ununuzi usimame. Mhasibu alinganishe kila hati ya mapokezi na daftari siku inaporudi. Pengo likizidi kilo 50 kwa safari, bodi ijulishwe kabla lori jingine halijaondoka. Hoja itafungwa tutakapoona daftari la mawe na ulinganisho wa safari zote za msimu ujao."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na sioni haya kwa hilo. Angalia sentensi ya mwisho. Inamwambia mkaguzi ajaye atafungua kitabu gani, na inamwambia meneja kwamba ahadi haitafunga kitu. Mpaka wa kilo 50 nao haukuokotwa hewani: safari zilizopimwa juu ya saruji zilipungua wastani wa kilo 25, kwa hiyo mara mbili ya hapo inaacha nafasi ya vumbi, kumwagika na kukauka kidogo, na bado iko mbali na zile 175. Katika chama kingine mpaka utakuwa mwingine, kwa sababu ushahidi wake utakuwa mwingine.

Nilipata kuona umbo hili la aya tatu likifanya kazi mbali na korosho. Kusini mwa Mtwara mjini, kuelekea Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, ndani ya eneo lililotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2000, kuna madiko ambako ushuru wa samaki hukusanywa alfajiri kwa fedha taslimu. Hoja ya kawaida huko ni kwamba makusanyo hayakupelekwa benki siku ileile, na pendekezo la kawaida ni kwamba yapelekwe siku ileile. Ukiitenga hatari peke yake, ambayo ni fedha taslimu kukaa na mtu mmoja usiku kucha, unagundua kwamba benki haikuwa lazima. Mkusanyaji atumie simu kulipia kumbukumbu namba ya malipo papo hapo dikoni, na pale mtandao unaposhindwa fedha zihesabiwe na watu wawili jioni. Pendekezo la awali lingemtaka mtu aliyeamka saa tisa usiku asafiri mjini na mfuko wa fedha kwenye barabara ya mchanga. Lilikuwa linaongeza hatari ileile liliyodai kuizuia, na hakuna aliyeweza kuliona hilo maadamu vyote vilikaa ndani ya sentensi moja.

Umbo hili lina mipaka. Lina kazi ndogo sana pale ambapo aliyevunja udhibiti ni bodi yenyewe; ushahidi wa aina hiyo hauishii kwenye barua kwa menejimenti, unapelekwa kwa wenye mamlaka ya kuisimamia bodi. Na halifai kwa kila dosari ndogo. Sahihi moja iliyokosekana kwenye hati ya posho haihitaji aya tatu. Barua yenye hoja 40 zilizojengwa hivi haitasomwa na mtu. Hoja sita zitasomwa. Dosari ndogo naziweka kwenye jedwali mwishoni, mstari mmoja mmoja.

Barua hizi za vyama vya msingi husomwa kwa sauti. Taarifa ya ukaguzi inafikishwa kwenye mkutano mkuu, chini ya mti au ndani ya ghala lililo tupu, mbele ya watu ambao wengi wao wamebeba stakabadhi zao kwenye mifuko ya nailoni. Kwa hiyo rasimu ya mwisho naisoma kwa sauti peke yangu kwanza. Panapokwama ulimi, mara nyingi ndipo nilipochanganya vitenzi.

Katika mkutano mmoja wa namna hiyo katibu aliisoma hoja ya mizani yote, aya kwa aya. Ilipofika sehemu ya mawe manne watu waliguna kwa kukubali, kwa maana kila mwenye duka la kijijini anajua jiwe la mizani ni kitu gani. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. Aliuliza kuhusu zile kilo elfu moja na thelathini, zimekwenda wapi. Katibu akarudi nyuma kwenye aya ya ushahidi, akatafuta kwa kidole, akasoma tena: hatukupata maelezo yake. Mama akaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba wanachama wamelisikia hilo na watauliza tena mwakani. Mwenyekiti akamwambia katibu aandike.